Vidole Vitatu Kati ya Minara Miwili

"Mama, nishafika."

"Umefika wapi, baba?"

"Hapa msikitini."

Anayekaa ndani ndani huku Kisauni anajua jibu hilo halina faida yoyote. Nikipanda juu ya paa langu nahesabu minara mitano ya misikiti bila kugeuza shingo sana, na yote imepakwa nyeupe na kijani. Dereva alikuwa kwenye mmoja kati ya hiyo mitano, au kwenye wa sita nisioujua, na mgongoni alikuwa na lita elfu kumi za maji yangu.

Mfereji wetu ulikuwa umekauka siku ya tisa. Maji ya Mombasa hutoka mbali, Mzima kule Tsavo, Marere kule Kwale, Baricho kando ya Mto Sabaki, na njiani yana wenyewe wengi kabla hayajatufikia sisi. Yakikatika, wenye nafasi huita boza, lori la maji. Nilichangishana na majirani wawili, tukaagiza boza la lita 10,000 tuligawe: langu liingie tangi la chini, la wenzangu livutwe kwa pampu juu ya ukuta. Ukizigawa kwa mitungi ya lita ishirini ni mitungi mia tano. Mwenye mkokoteni angehitaji wiki nzima.

Jambo ambalo watu husahau kuhusu boza ni uzito. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo hizo lita 10,000 ni tani kumi kabla hujahesabu lori lenyewe. Teksi ikikosea njia inarudi nyuma, basi. Boza likikosea kwenye vichochoro vyetu ni kisa kingine. Huku kwetu chini ni mchanga, na mashimo ya vyoo vya nyumba nyingi yako ukingoni mwa njia, yamefunikwa kwa zege la inchi chache tu. Nimewahi kuona gurudumu la nyuma la lori la kokoto likizama kwenye kifuniko kama kijiko kwenye uji. Lilitolewa kesho yake, na mwenye nyumba na mwenye lori hawasalimiani hadi leo. Ndiyo maana dereva alipoanza kusema "wacha nisogee mbele kidogo nione," nilipiga kelele asisogee hata hatua.

Kwa nini nisimfuate? Mtoto wa dada yangu alikuwa amelala ndani, ana homa, na nyumbani nilikuwa peke yangu. Kwa nini nisimtumie ramani ya simu? Dereva alikuwa na kabambe, ile ya tochi, mulika mwizi yenyewe. Na kwa nini asichukue bodaboda amwongoze? Alishachukua. Alimlipa kijana mmoja kule barabarani akampeleka "msikitini", kisha kijana akageuza pikipiki akaenda zake. Hivyo nikabaki na geti langu, simu yangu, na macho.

Niseme kwanza nilivyokosea, maana kosa lilikuwa langu kabla halijawa lake.

Dereva alikuwa akitoka upande wa Changamwe. Kule anajua mpaka mashimo kwa majina, lakini ng'ambo ya Daraja la Nyali alikuwa mgeni. Nilimwelekeza mchana: vuka daraja, pita Kengeleni, shika Barabara ya Malindi, ukifika Bombolulu kata kushoto. Hadi hapo hakuna anayepotea. Kengeleni kila dereva anaijua, hata asiyejua kwamba ile kengele imesimama pale tangu zamani za Frere Town, kijiji cha watumwa walioachwa huru. Majina makubwa ya Mombasa yamekuwa hivyo, kitu kimoja kimesimama mahali kikageuka jina, na jina hilo halihitaji tena kuelezwa. Taabu inaanza lami inapoisha, kwenye njia zisizo na jina, ambako kila mtu ana majina yake ya kichwani.

Nikamwambia: "Ukishaacha lami, nyosha mpaka duka la M-Pesa la kijani, halafu pinda kulia, utamuona mama wa viazi karai, geti letu ni la buluu, mkabala na msikiti."

Tazama ujinga ulio ndani ya sentensi hiyo moja. Maduka ya kijani ya M-Pesa kati ya lami na kwangu ni manne. Mama wa viazi karai huweka karai lake kuanzia saa kumi alasiri, na siku hiyo alikuwa mazikoni Mtopanga, kwa hiyo hakuweka kabisa. Geti la buluu ni la buluu kwangu mimi niliyelipaka. Mtu akilitazama jioni kwa mbali linaonekana jeusi. Na huo msikiti "mkabala" uko kama mita mia mbili na hamsini kutoka kwangu. Nausema mkabala kwa kuwa nikisimama getini nauona mbele yangu juu ya mapaa. Dereva akasikia "mkabala", akautafuta msikiti ulio ng'ambo ya njia, na kwa kuwa hakuwepo, akaendelea mbele.

Nilikuwa nimemweleza kila kitu kama mtu aliyesimama pale nilipo mimi, naye hakuwa amesimama pale.

Basi nikaanza upya. Nikamwambia ampe taniboi simu, yeye ashike usukani tu, na injini aizime. Kijana akaja hewani, sauti ya mtu wa miaka kama ishirini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Usiniambie uko wapi. Niambie waona nini. Anza na kilicho mbele ya kioo."

"Mbele naona... njia. Nyumba."

"Jua liko wapi?"

"Laniumiza macho."

Hilo jibu la mwisho lilikuwa la kwanza kuwa na thamani. Ilikuwa kama saa kumi na mbili kasorobo. Mombasa iko karibu sana na mstari wa ikweta, na jua letu haliendi mbali: mwezi wa sita huzama kaskazini kidogo, wa kumi na mbili kusini kidogo, lakini jioni ni upande wa bara mwaka mzima. Jua likimpiga dereva usoni, basi gari limeelekeza pua bara na limeipa bahari mgongo. Lingekuwa kwenye kioo cha pembeni, ningejua wameelekea mjini au Mtwapa, kutegemea ni kioo gani. Kwa hiyo walikuwa wamenyosha moja kwa moja kutoka lami bila kupinda kulia, na pengine walishanipita.

"Sasa angalia juu ya nyumba, si chini. Waona kitu gani kirefu?"

"Kuna mnara wa simu. Ule mwekundu na mweupe."

"Uko mbele au nyuma?"

"Mbele, mkono wa kulia."

"Na msikiti?"

Kimya kidogo. Nikasikia mlango wa lori ukifunguliwa.

"Msikiti uko nyuma yetu, mama. Nyuma mkono wa kulia."

Hapo nikajua karibu kila kitu, nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Nikisimama getini nikitazama bara, naona minara miwili. Wa karibu ni wa msikiti. Wa mbali, karibu mara tatu ya umbali huo, ni wa simu, nao hutokeza kushoto kwa ule wa msikiti. Kwangu mimi yote miwili iko mbele, upande mmoja wa macho. Mtu anayeona mmoja mbele na mwingine nyuma amesimama mahali fulani kati yake. Kijana huyu alikuwa ameupita msikiti na hajaufikia mnara wa simu. Walikuwa wamezidi bara kwa kama mita mia nne.

Isipokuwa ule msikiti uwe mwingine. Hofu hiyo ilinishika, kwa sababu minara ya simu nayo si mmoja, na huenda kuna mahali pengine Kisauni ambapo mtu hukaa kati ya msikiti mweupe na mnara mwekundu. Nilimuuliza rangi ya mlango, akasema kijani. Nikamuuliza spika juu ya mnara ni ngapi, akasema nne. Maswali ya bure hayo, kila msikiti una mlango wa kijani na spika nne. Nikaona bora tungoje. Magharibi ilikuwa karibu.

Adhana ilipoanza niliweka simu sikio moja, sikio la pili nikaliacha wazi. Misikiti yetu haiadhini kwa pamoja; mmoja hutangulia, mwingine hufuata baada ya nusu dakika, na ukisimama nje sauti hupishana juu ya mapaa. Lakini wa kwetu muadhini wake ni mzee mwenye kifua, na kabla ya "hayya ala-swalah" ya pili lazima akohoe kidogo, kohozi fupi ambalo spika hulipeleka mtaa mzima. Nikangoja. Likaja hewani, na papo hapo likaja ndani ya simu, wazi kabisa, kama mzee amekaa kwenye kabini ya lori. Kwenye simu hapakusikika muadhini mwingine aliyempita kwa nguvu. Ni msikiti wetu.

Nilimwambia taniboi, "Sasa nakujua ulipo. Kaeni hapo mpaka adhana iishe."

Kugeuza lori la tani kumi za maji kulitaka nafasi. Nikainua macho nikaona lile vumbi la kila jioni, jepesi, la rangi ya kutu, likielea juu ya mapaa kushoto kidogo kwa mnara wa simu. Ni vumbi la uwanja wa mpira, vijana hucheza mpaka giza liwafukuze. Kutoka kwa dereva ule uwanja ulikuwa mbele, mkono wa kushoto, si mbali. Nikamwambia aende taratibu, akiona milingoti ya goli aingie, ageuzie kwenye upande wa nyasi na asikaribie ukingo wenye mchanga mweupe. Kama dakika saba zilipita. Nilisikia watoto wakishangilia, sijui walimshangilia dereva au goli.

Hapa ndipo niliposhukuru kuwa na ami mvuvi.

Ami yangu alivua kwa ngalawa miaka mingi, na hakuwahi kuwa na mashine ya kuonyesha mahali. Mwamba wenye changu alikuwa akiupata kwa kutazama pwani. Anachagua vitu viwili, kimoja karibu na maji na kingine nyuma yake mbali: mnazi uliopinda na paa la hoteli, tuseme. Vikipangana mstari mmoja, yuko kwenye mstari wake. Kisha anatafuta jozi nyingine pembeni, na pale mistari miwili inapokatana anatia nanga. Meli kubwa zinazoingia Kilindini huongozwa kwa mtindo uleule, taa moja mbele na nyingine nyuma yake, nahodha akiziona zimepangana anajua yuko katikati ya mkondo. Zikiachana, taa ya nyuma ikakaa kando ya ile ya mbele, ameanza kwenda kombo. Ami alinieleza nikiwa mdogo, tumekaa juu ya ngalawa iliyopinduliwa, na sikuwahi kufikiri kwamba ingekuja kunifaa kwenye mambo ya boza.

Minara yangu miwili ni jozi hiyohiyo. Nikisimama getini nikanyoosha mkono mbele ya uso, mnara wa simu unakaa kushoto kwa ule wa msikiti na kati yake panaingia vidole vitatu. Nikitembea kuelekea upande wa Mtwapa, kama nyumba mbili hivi, ule wa simu unajificha nyuma ya ule wa msikiti. Nikiendelea zaidi, unatokeza upande wa pili, kulia. Nikirudi upande wa mji, nafasi inapanuka: vidole vitano, ngumi moja, ngumi mbili. Hii si hesabu ya kisomi. Kitu cha karibu hukimbia ukitembea na cha mbali hubaki, kila aliyepanda matatu dirishani ameona minazi ikikimbia na mawingu yakisimama.

Ngumi iliyonyooshwa mbele ya macho ina faida moja, kwamba mwenye mkono mkubwa kwa kawaida ana mkono mrefu pia, kwa hiyo ngumi ya taniboi na yangu hupima karibu sawa. Ila mkono lazima unyooke kabisa. Akiukunja, ngumi moja inafunika nusu ya Kisauni.

Giza lilikuwa limeshaanza. Kwetu jua likizama halina maringo, ndani ya dakika ishirini huoni rangi ya ukuta. Alama zote za mchana zilikuwa zimekufa: geti la buluu, duka la kijani, hata muarubaini mkubwa ulio karibu na geti letu. Lakini mnara wa simu una taa nyekundu kileleni, na wa msikiti una tyubu ya kijani iliyozunguka juu. Giza lilinisaidia kuliko mchana. Nyekundu na kijani, basi, hapana kingine cha kubishania.

"Sasa mwarudi mulikotoka," nikamwambia. "Bahari iko mbele yenu, msikiti utakuwa mkono wa kushoto. Mukishaupita, kila njia inayoingia kushoto mukiifikia, simameni. Gari likisimama, wewe panda juu ya tangi, angalia nyuma kushoto, uniambie taa mbili. Lakini usipande gari likitembea, waya huku ziko chini."

Waya ziko chini kweli. Nyingine ni za stima, nyingine za simu za zamani, nyingine zimefungwa na watu wenyewe usiku, na hakuna anayezijua zote.

Njia ya kwanza. Lori likasimama. Kijana akapanda, nikamsikia akihema.

"Nyekundu iko kushoto, kijani kulia."

"Nyoosha mkono. Weka ngumi. Ngapi zaingia katikati?"

"Tatu... tatu na nusu. Yakaribia nne."

Nyingi mno. Nafasi ikiwa pana vile, bado yuko karibu sana na msikiti. Kadiri unavyouacha msikiti nyuma kwenda upande wa bahari, ile minara miwili hukaribiana. Nikamwambia aiache hiyo njia, aende ya pili.

Njia ya pili iko kama mita mia moja na ishirini mbele. Akapanda tena.

"Mbili, mama. Mbili kamili."

Lazima niwe mkweli hapa: sikuwa na hakika ya ngumi mbili. Nilijua vidole vitatu vya getini, kwa sababu nilikuwa nimesimama hapo. Mdomo wa njia yetu siuoni kutoka getini, njia ina kona kwenye muarubaini na macho yangu yanafika hapo tu. Nilichojua ni kwamba kutoka mdomoni hadi kwangu ni mwendo wa kupita nyumba saba au nane, na kwamba nafasi lazima iwe imepanuka sana kwa umbali huo. Ngumi mbili ziliniingia akilini, nne hazikuingia. Nikamwambia aingie.

Na kuna kitu ami alikuwa akikisisitiza ambacho watu wakisikia habari hii hukiruka: jozi moja hukupa mstari, haikupi mahali. Lile lori lingeingia njia ya kwanza, nafasi kati ya taa ingepungua vilevile walivyokuwa wakienda, na mahali fulani wangepata vidole vitatu mbele ya geti la mtu mwingine kabisa, wakashusha maji kwa asiyeyaomba. Kinachofunga mahali ni kitu cha tatu. Cha kwangu ni muarubaini.

Sasa muarubaini huo niliuelezaje? Nikisimama getini nikitazama nje, uko kushoto kwangu, ng'ambo ya njia. Transfoma iko kulia kwangu, upande wangu wa njia. Mchana ningesema hivyohivyo na ningempoteza tena. Jioni ile nikafumba macho nikajiweka kwenye kiti cha dereva. Anaingia kutoka upande wa mji. Geti langu kwake liko kulia. Muarubaini ulio kushoto kwangu ng'ambo ya njia, kwake uko kushoto, na ataukuta kabla ya geti. Transfoma iliyo kulia kwangu, kwake iko kulia, lakini baada ya geti. Kama angeingia kutoka upande wa Mtwapa kila kitu kingepinduka: transfoma kwanza, mkono wa kushoto, kisha geti kushoto, muarubaini mwisho, mkono wa kulia. Kwa hiyo kabla ya kutamka kushoto au kulia kwenye simu, uliza mtu anaingia kwa mdomo gani wa njia. Mimi sikuwahi kumuuliza mtu yeyote swali hilo kabla ya siku ile, na nimekaa hapa miaka kumi na moja.

"Nendeni polepole. Kutakuwa na mti mkubwa mkono wa kushoto, tawi lake limekuja juu ya njia. Tawi litagusa tangi, lisikutisheni. Mukilipita tu, simameni."

"Taa zapungua, mama. Ngumi moja."

"Haya."

"Vidole vitano sasa... Mti nauona. Tawi lagusa."

Nikalisikia tawi kwa masikio yote mawili, likikwaruza bati la tangi ndani ya simu na likikwaruza mbele yangu. Taa za lori zikazunguka kona zikanipiga machoni. Nikapunga tochi. Lori likanipita.

Lilinipita kabisa! Dereva alikuwa akitazama kulia akitafuta geti la buluu, na buluu haikuwepo gizani. Ni taniboi aliyemsimamisha. Alikuwa amechungulia dirishani, ngumi imenyooshwa, akapiga ubavu wa mlango kwa kiganja na kupaza sauti: "Zimeingiliana! Taa zimeingiliana! Tumepita!"

Akarudi nyuma nyumba mbili, taratibu, taniboi akitembea nyuma yake na tochi ya kabambe akipima kila kifuniko cha shimo kwa kisigino kabla gurudumu halijafika. Kidogo kidogo. Akasimama mkia wa lori ukiwa mbele ya geti langu sawasawa. Dereva akashuka, mtu mzima, ndevu nyeupe, jasho limemlowesha mgongo. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akatazama geti langu, kisha akatazama juu kwenye zile taa, kisha akanitazama mimi.

"Buluu iko wapi hapa?" akauliza.

Maji yalimaliza kushuka kama saa tatu kasorobo. Mpira wa kushushia ulikuwa na tundu karibu na mdomo na njia yote ikalowa, watoto wa jirani wakacheza hapo mpaka mama zao wakawaita. Chai nilimpa dereva na mahamri mawili ya asubuhi, akala akiwa amesimama. Kisha akaniuliza jinsi ya kutoka, na nilipoanza kumwambia kulia na kushoto, taniboi akanikatiza: "Usijali mama, tutazipa taa mgongo, tutafute bahari."

Tangu siku ile nimewaelekeza wengine watatu kwa mtindo huo: fundi wa friji, mleta gesi, na shemeji yangu wa Voi. Fundi alielewa mara moja. Shemeji alikataa katakata kunyoosha ngumi hadharani, akasema watu watamuona mwehu. Alizunguka saa nzima.

Na boza lile limekuja tena mara mbili. Mara ya mwisho taniboi alinipigia wakiwa bado Makupa, kuniuliza kama taa zote mbili zinawaka, maana wiki iliyopita aliona stima imekatika upande wetu. Nikatoka getini kumtazamia. Ya kijani ilikuwa inawaka. Nyekundu nayo, ila kati yangu na mnara wa simu kuna mtu anajenga. Alianza na chumba cha duka, sasa yuko ghorofa ya pili na nondo zimechomoza juu, tayari kwa ya tatu. Mnara wa simu umebaki shingo na ile taa. Akimwaga zege la paa linalofuata nitabaki na kijani peke yake, kwa hiyo jioni hizi nikisubiri chai ichemke huwa nasimama getini mkono umenyooka, natazama upande mwingine, nikijaribu tangi la maji la jirani wa nyuma na ule mvinje mrefu wa upande wa bahari. Hadi sasa zinaachana vidole vinne, lakini mvinje hauna taa.